Tangazo la mahindi lianze na jina la mahali au daraja?

Hoja: Anayeuza mahindi kwa tani kwa wenye viwanda na wafanyabiashara wakubwa aandike nini kwenye kichwa cha tangazo lake, na nini kwenye maelezo?

MNUNUZI WA KIWANDA CHA SEMBE: Mimi nasoma matangazo kwenye simu asubuhi, kabla magari hayajaanza kuingia getini. Kichwa kinaniambia "Mahindi safi sana ya Sumbawanga, namba moja, bei poa, yapo ya kutosha." Maneno kumi na mawili, na hakuna hata moja ninaloweza kulipeleka kwa mhasibu wangu. Safi kwa kipimo gani? Ya kutosha kumtosha nani? Nataka zao, rangi, daraja na tani. Nikishayaona hayo ndipo nipige simu.

DALALI: Bosi, mimi niko kwenye kazi hii miaka kumi na sita, na bado sijapigiwa simu na mtu anayeuliza daraja. Wanauliza, "Ni ya wapi?" Nikisema Sumbawanga au Mbozi, mazungumzo yanaendelea. Jina la mahali ni sifa iliyojengwa na wakulima wenyewe. Kule juu Ufipa mvua ni ya msimu mmoja na mavuno yanakutana na kiangazi chenye baridi. Punje inakauka taratibu, nayo inakuwa nzito na nyeupe. Hayo yote yamo ndani ya neno moja. Ukilitoa kwenye kichwa, umelitupa lile linalouza.

MNUNUZI: Sikatai kwamba mahali pana sifa. Nauliza mahali unapoandika ni wapi hasa. Chukua Kibaigwa, pale Kongwa, barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Nimeona matangazo mengi ya "mahindi ya Kibaigwa". Kibaigwa ni soko. Pale yanaingia ya Kongwa yenyewe, ya Kiteto, na ya mbali zaidi mwaka ambao kwingine kumekauka. Ukiniambia "ya Kibaigwa", umeniambia lori langu liende wapi. Hujaniambia mahindi yamelimwa wapi.

DALALI: Hapo nakubali. Lakini Sumbawanga siyo Kibaigwa.

KATIBU WA USHIRIKA: Nami niseme, maana ghala letu liko hukohuko Rukwa, Laela. Mahindi yaliyomo sasa yametoka kwa wanachama zaidi ya hamsini, wa vijiji vinne. Mwingine amepanda mbegu ya dukani, mwingine amerudia mbegu ya mwaka jana. Mmoja alianika juu ya turubai, mwingine chini kwenye udongo. Yote ni ya Laela kweli, na hakuna anayedanganya. Lakini ukiyafungua magunia mawili yaliyokaa pamoja utadhani yametoka mikoa miwili. Kwa hiyo jina la mahali nitaliandika bila wasiwasi, ila haliwezi kunisaidia kumwambia mnunuzi gunia lina nini ndani.

DALALI: Ndiyo maana nikaongeza "namba moja".

MPIMAJI WA UBORA: Na hilo neno ndilo linalonisumbua, kaka. Sokoni "namba moja" ni sifa ya macho: meupe, makubwa, hayana vumbi. Daraja la 1 ni kitu kingine. Kwenye kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi, EAS 2, tunachukua sampuli, tunaitenga mafungu, tunapima kila fungu. Punje zilizovunjika zisizidi 2 katika kila 100 kwa uzito. Zilizotobolewa na wadudu zisizidi 1. Zikifika 4 na 3, bado ni Daraja la 2. Kipo kikomo cha takataka, kipo cha zilizooza, kipo cha zilizobadilika rangi. Likivuka fungu moja tu, mzigo wote unashuka, hata kama mengine yote yako vizuri.

Mzigo wa katibu niliupima mwenyewe. Wadudu 0.8, takataka 0.4, unyevu 13.1. Nikafurahi. Nikafika kwenye zilizovunjika, nikapata 3.2. Basi, ni Daraja la 2.

KATIBU: Mashine ya kupukuchua ndiyo iliyotuangusha. Kijana aliizungusha kwa kasi ili amalize kabla ya jua kuzama.

DALALI: Kwa hiyo mzigo mzuri namna ile uandikwe Daraja la 2 kwenye kichwa, kwa sababu ya punje zilizokatika? Mtu akisoma "la 2" anapita. Sifa ya mahali ingemleta, halafu angeuona mzigo kwa macho yake na kununua.

MNUNUZI: Atapita mmoja, atasimama mwingine. Mimi nakoboa. Punje iliyovunjika ikiingia kwenye mashine ya kukoboa, sehemu yake kubwa inaondoka na pumba, kwa hiyo sembe yangu inapungua. Kwangu 3.2 ni hasara ninayoweza kuihesabu, nami nitaomba bei ishuke kidogo. Jirani yangu anatengeneza chakula cha kuku. Yeye anayavunja hata hivyo. Anachoogopa ni unyevu na kuvu. Akiona unyevu 13.1 na wadudu chini ya 1, atauchukua mzigo huo leo. Daraja limewekwa kwa ajili ya wote, lakini tarakimu zilizo nyuma yake kila mnunuzi anazisoma kwa kazi yake. Ndiyo maana nasema daraja likae kwenye kichwa na vipimo vyake vikae kwenye maelezo. Vyote viwili.

MKULIMA: Samahani, jamani. Mimi naona mnazunguka jambo la karatasi huku jambo lenyewe liko kwenye gunia. Mwaka juzi nilimuuzia mtu gunia ishirini. Akaja na magunia yake, vijana wake wakashindilia, wakaongeza kichwa juu, wakashona kwa kamba mpaka gunia likawa na nundu. Lumbesa. Nilipojaza gunia la ishirini, akiba yangu ya chakula ilikuwa imeingia humo. Alinilipa gunia ishirini. Sasa hilo tangazo lenu litanisaidia nini?

KATIBU: Mama, hilo ni suala la vipimo, tena sheria imeshalisema: kifungashio cha mazao kisizidi kilo 100. Hapa tunazungumzia tangazo.

MPIMAJI: Ngoja kwanza, katibu. Mama hajatoka nje ya hoja. Yeye aliuza "gunia". Neno hilo halikuwa na kilo, kwa hiyo mwenye gunia kubwa ndiye aliyeamua lina maana gani. Na matangazo mengi yanaandika hivyohivyo: "gunia 300 zinauzwa". Kosa ni lilelile, ila sasa limeandikwa.

MNUNUZI: Na linavuka mpaka. Kenya wafanyabiashara wengi wa mahindi wanahesabu gunia la kilo 90. Sisi tunahesabu kilo 100. Andika "gunia 300" bila kilo. Wa Nairobi atasoma tani 27, wa Laela amemaanisha tani 30. Tani tatu zimepotea kati ya watu wawili ambao hakuna hata mmoja aliyekusudia kudanganya. Wakikubaliana bei kwa gunia, mmoja atafika Namanga akiwa tayari na ugomvi. Andika tani 30, kisha sema zimefungwa kwenye magunia 300 ya kilo 100, uzito wa nafaka yenyewe. Hapo hakuna wa kubishana naye.

DALALI: Tani sawa. Hilo hata mimi nimejifunza kwa uchungu. Lakini kuna kitu hamkisemi kuhusu kiasi. Nikiandika tani 30, mwenye kiwanda kikubwa hatanipigia. Nikiandika "tani 200 na kuendelea", atapiga. Nikishapata oda, nazunguka vijijini nazikusanya. Ndivyo kazi yangu ilivyo, wala sioni aibu.

MNUNUZI: Siyo aibu, lakini sema hivyo. Mzigo uliomo ghalani na mzigo utakaokusanywa ni bidhaa mbili tofauti. Ule wa ghalani ninaweza kumtuma mpimaji kesho. Ule wa kukusanya hauna daraja bado, hauna unyevu, pengine hata haujapukuchuliwa. Ukiandika "tani 200, Daraja la 1" wakati tani 170 ziko bado kwenye vihenge vya watu, daraja hilo umelitoa wapi?

DALALI: Kwa kawaida ya eneo lile.

MPIMAJI: Daraja halitokani na kawaida ya eneo, kaka. Tena hata mzigo uliopimwa, daraja lake halikai milele. Nilipima Laela tarehe fulani nikapata wadudu 0.8. Dumuzi akiingia ghala lile na mahindi yasifukiziwe dawa, baada ya miezi miwili nitapata tarakimu nyingine kabisa. Jina la mahali linadumu na mahindi, ila hali yake inabadilika. Kwa hiyo daraja lisilo na tarehe ya kupimwa ni nusu ya habari. Mnabishana mahali au daraja, mimi nawaambia tarehe ndiyo inayosahaulika.

KATIBU: Sisi tusio na maabara karibu tufanyeje? Tuna njia yetu ya chupa. Unachukua chupa kavu ya kioo na chumvi kavu kabisa kiasi cha vijiko vichache, unamimina mahindi mpaka theluthi, unafunga na kuitikisa vizuri. Ukiiacha itulie, chumvi ikibaki imeganda kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Ikishuka yote chini, yamekauka. Wanachama wanapokea hukumu ya chupa bila kinyongo kwa sababu wanaiona wenyewe. Naweza kuandika kwenye tangazo kwamba yamekauka?

MPIMAJI: Chupa ni nzuri mlangoni, msiiache. Lakini inakuambia unyevu umezidi kama 15 au haujazidi. Kiwango kinataka usizidi 13.5, na hapo haijalishi daraja. Mahindi ya 14.5 yatapita kwenye chupa yenu na yatakataliwa na kipima unyevu cha mnunuzi. Kwa hiyo msiandike "makavu". Neno hilo kila mtu ana lake. Andikeni tarakimu, mkishapata kipima unyevu cha kuazima hata siku moja.

MKULIMA: Na ikizidi kidogo? Si yatakaukia kwenye ghala la mwenye kiwanda?

MNUNUZI: Yatakauka, mama, lakini angalia nani anayelipia. Niliwahi kupokea tani 30 zilizotangazwa "kavu kabisa, ya Sumbawanga". Getini kipimo kikasoma 16. Dereva alikuwa ameshalala barabarani siku tatu, nami nilikuwa na mashine zinazosubiri, nikayapokea. Hebu tuhesabu. Katika tani 30 zenye unyevu wa 16, nafaka yenyewe bila maji ni tani 25.2. Ukizikausha mpaka 13.5 unabaki na tani 29.13 hivi. Kilo 867 zimekwenda na upepo. Hayo ni karibu magunia 9 ya maji niliyoyalipia kwa bei ya mahindi, bado gharama ya kuanika na vibarua. Sikuibiwa na mtu. Nililisoma neno "kavu" nikaliamini.

DALALI: Ungemrudisha.

MNUNUZI: Ningemrudisha, na mkulima wa kule asingelipwa. Unaona mzunguko wake?

DALALI: Nauona. Lakini nanyi muone wa kwangu. Nikiandika machache, siwezi kushikwa. Nikiandika unyevu 13.1, zilizovunjika 3.2, tarehe fulani, halafu mzigo ukanyeshewa njiani, mimi ndiye nitakayeshikwa kwa maneno yangu mwenyewe. Ukimya una faida yake.

MNUNUZI: Unashikwa hata ukiandika machache. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ifanane na maelezo hayo. Hata ukinionyesha sampuli, haitoshi mzigo ufanane na sampuli kama haufanani na ulichoandika. "Daraja la 1" ni maelezo. "Ya Sumbawanga" ni maelezo pia. Tofauti ni kwamba ukiandika tarehe na mahali pa kupimia, umeweka wazi ahadi yako inaishia wapi: hali ilikuwa hivi, siku hii, katika ghala hili. Yaliyotokea baada ya hapo tunayatafuta kwenye makubaliano ya usafirishaji. Usipoandika, unabaki na ahadi isiyo na mwisho.

DALALI: Hilo sikuwahi kulitazama hivyo. Ila bado naogopa.

MPIMAJI: Kuna sentensi moja ningependa uiogope kweli. "Hayana sumukuvu." Nimeisoma mara nyingi. Kuvu haisambai sawasawa kwenye mzigo. Inakaa mahali mahali. Gunia moja lililolowa chini linaweza kubeba sumu yote, magunia mengine mia yakawa salama. Sampuli ikikosa gunia lile, maabara itakuletea jibu zuri. Ndiyo maana tunachoma magunia mengi, juu, kati na chini, kisha tunachanganya. Na hata hapo hatusemi haipo. Tunasema katika sampuli hii, sumukuvu aina zote ni maikrogramu kadhaa kwa kilo, kikomo kikiwa 10, na aina ya B1 kikomo 5. Watu walikufa Dodoma na Manyara mwaka 2016. Walikufa mashariki mwa Kenya mwaka 2004, zaidi ya mia. Hilo siyo jambo la kuandikia sifa.

KATIBU: Na Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa ajili hiyohiyo, malori yalisimama mpakani. Walipofungua tena siku chache baadaye, walitaka cheti kinachoonyesha kwamba kikomo hakijavukwa. Jina la mkoa halikumvusha mtu.

DALALI: Lakini hata cheti kilitaka kuonyesha mzigo umetoka wapi. Kwa hiyo mahali pana kazi yake.

MNUNUZI: Pana kazi. Sijawahi kusema pafutwe. Nasema pasisimame badala ya vipimo.

KATIBU: Basi tuandike la mzigo wetu, tuone. Mimi ningeweka kichwa hivi: "Mahindi meupe Daraja la 2, tani 30, Laela, Rukwa". Maneno machache, yanaenea kwenye kioo cha simu.

DALALI: Mimi ningeanza: "Mahindi meupe ya Laela, Rukwa, tani 30, Daraja la 2". Habari ni ileile, ila anayetafuta kwa mahali ameshaniona kabla kioo hakijakata maneno.

MNUNUZI: Na mimi ninayetafuta kwa daraja nikipitia haraka, nitaona mahali na kukosa daraja.

MPIMAJI: Hapo mtabishana mpaka kesho, na sina kipimo cha kuwaamua. Maelezo je?

KATIBU: Ningeandika: "Mahindi meupe, mavuno ya Juni mwaka huu, kutoka vijiji vinne vinavyozunguka Laela, Wilaya ya Sumbawanga. Tani 30 zipo zote ghalani, magunia 300 ya kilo 100 uzito wa nafaka. Daraja la 2 kwa kiwango EAS 2. Unyevu 13.1, zilizovunjika 3.2, zilizotobolewa na wadudu 0.8, takataka 0.4, zote kwa asilimia." Halafu tarehe ya kupimwa na aliyepima. Halafu sumukuvu, tukishapata jibu la maabara, na kabla ya hapo naandika kwamba bado haijapimwa. Mwisho, kiasi cha chini kabisa tunachouza kwa mara moja, na kwamba mnunuzi anakaribishwa kuchukua sampuli yake mwenyewe.

MNUNUZI: Hilo la kuandika "bado haijapimwa" lingenifanya nikuamini kwa mengine yote.

DALALI: Lingenifanya mimi nikose wateja watatu wa kwanza.

KATIBU: Yawezekana. Sijui. Sijawahi kujaribu.

MKULIMA: Nami niulize la mwisho, maana naona mmekaribia kumaliza bila kunigusa. Nikichambua kwa mkono, nikaanika juu ya turubai, nikamzuia yule kijana asiizungushe mashine kwa kasi, mahindi yangu yakafika Daraja la 1. Jirani yangu hakufanya hayo, ya kwake ni la 2. Mnayachanganya ghalani. Mnaandika daraja moja. Mnatulipa bei moja. Mwakani nitachambua kwa sababu gani?

KATIBU: Mama, ghala ni moja. Kutenga kunataka nafasi, kunataka kupima kila mwanachama anapoleta.

MNUNUZI: Na mimi nitalipa zaidi kwa la 1 likiwa limetengwa. Nikipewa mchanganyiko, nalipa kwa la 2. Sina namna nyingine.

MPIMAJI: Kupima kila mmoja kunawezekana kwa unyevu na kwa kuchambua konzi moja ya punje mezani. Kwa sumukuvu haiwezekani kwa gharama ya mwanachama mmoja. Hilo bado halina jibu.

MKULIMA: Basi anzeni na linalowezekana. Wekeni meza mlangoni pa ghala na mzani unaosomeka na mimi nikiwa nimesimama. Andikeni jina langu, kilo zangu na daraja langu kwenye karatasi ninayokwenda nayo nyumbani. Daraja mnalolitaka kwenye kichwa cha tangazo lianzie kwenye karatasi hiyo, na bei ifuate.